Sentensi Iliyotolewa Kwenye Kisa cha Bulaimu

Faradji aliandika kisa cha mtihani kwa hasira, na hilo tuliseme mapema ili asije mtu akadhani mwalimu yule alikuwa malaika. Alikuwa amekasirika tangu masika, tangu siku mkurugenzi wa kozi, Bwana Verhaert, alipomwambia mbele ya wanafunzi kwamba watu wa Kabambare wana akili ya kukariri tu, si ya sheria.

Mwaka ulikuwa 1959. Kasongo nzima ilikuwa ikinong'ona habari za uhuru, lakini ndani ya lile jengo la matofali ambamo makarani wa mahakama walifundishwa, Mbelgiji alikuwa bado Mbelgiji. Wanafunzi walikuwa watu wazima, makarani wa mahakama za sekta, wengi wao kutoka upande wa Kabambare. Walikuja kwa baiskeli, wakalala kwa jamaa zao, wakajifunza sheria ya mikataba kama ilivyoandikwa kitabuni na Wabelgiji, si ile ya mila waliyoizoea. Mwisho wa kozi ulikuwa mtihani. Aliyefaulu vizuri kuliko wote angekuwa karani mkuu wa mahakama ya Kabambare, kiti ambacho mpaka siku hiyo hakikuwahi kukaliwa na mtu mweusi. Asipopatikana wa kufaulu, ataletwa Mzungu mwingine, na watu wa Kabambare wataendelea kuandikiwa maneno yao na mtu asiyewaelewa.

Faradji ndiye aliyekuwa mwalimu pekee Mkongomani. Mtoto wa mji, wa ukoo wa Waislamu wa Kasongo, hakupata nafasi katika shule za mapadri. Alisubiri mpaka serikali ilipofungua shule zake, akasoma darasa moja na vitoto vya umri wa wadogo zake, akaenda Elisabethville, akarudi na cheti. Verhaert alimwita "Faradji wangu mdogo". Faradji alikuwa na miaka thelathini na mbili na ndevu.

Kisa alichoandika kilikuwa hiki. Bulaimu ni mkulima wa Wamaza, sekta ya upande wa Kabambare. Anasoma herufi za Kiarabu vizuri sana, lakini herufi za Kizungu hazijui, na Kifaransa hakijui. Mfanyabiashara anamletea karatasi ya Kifaransa inayosema kwamba Bulaimu atamuuzia mpunga wote wa shamba lake kwa misimu mitatu, kwa bei ya mwaka huu. Mfanyabiashara anamsomea karatasi kwa Kiswahili, akimwambia ni ya msimu mmoja tu. Bulaimu anatia dole gumba. Msimu wa kwanza analeta mpunga. Msimu wa pili mto Luama unafurika, nusu ya mpunga inakwenda na maji kabla ya kuvunwa, na nusu iliyobaki Bulaimu anamuuzia mtu mwingine kwa bei nzuri zaidi. Mfanyabiashara hamdai kwanza. Anakwenda moja kwa moja mahakamani kutaka fidia ya mpunga wote. Swali: mshauri hakimu aamue nini.

Ukikisoma haraka utaona ni hadithi ya mpunga. Lakini kila neno lilikuwa limewekwa mahali pake kama jiwe la mafiga. Mpunga ambao haujaota unaweza kuuzwa? Ndiyo, sheria inaruhusu kuuza kitu cha kesho. Mafuriko yanamwondolea mkulima lawama? Ndiyo, kwa sababu aliahidi mpunga wa shamba lake, si mpunga wowote wa dunia. Ila kwa ile nusu iliyoliwa na maji tu. Nusu aliyomuuzia mwingine ina kesi yake. Na huyu anayetaka fidia, je, hakupaswa kumtaka kwanza Bulaimu atimize ahadi, au kuuza kwa mwingine kulitosha kuonyesha kwamba hatatimiza? Hapo pana ubishi, na Faradji aliupenda ubishi.

Juu ya yote hayo kulikuwa na jambo kubwa, lile ambalo kwa ajili yake alikiandika kisa: je, Bulaimu alikubali kweli? Sheria ya Wabelgiji wenyewe inasema hakuna mkataba wa halali bila ridhaa, na ridhaa iliyopatikana kwa hila si ridhaa. Inasema vilevile kwamba hila haidhaniwi, lazima ithibitishwe. Na mkataba wa hila haufi wenyewe. Aliyedanganywa lazima asimame mbele ya hakimu aombe ufutwe.

Kisha akaandika mwongozo wa kusahihisha. Huu ndio moyo wa mtihani, ingawa mwanafunzi hauoni kamwe. Kwa kila jambo lililojificha ndani ya kisa aliweka alama: kidogo kwa kuliona, kidogo kwa kutaja kanuni, nyingi kwa kuifunga kanuni na maneno ya kisa. Mwishoni aliandika kwamba mtu akifikia hukumu iliyo kinyume na ya mwalimu, lakini ameijenga kwa hoja, apewe alama zake zote. Na chini kabisa, sharti alilowapigia wanafunzi kelele mwaka mzima: atakayeongeza ukweli usio kwenye karatasi, hatapata kitu kwa ukweli huo.

Verhaert aliusoma mwongozo kwa kalamu nyekundu mkononi. Alipofika kwenye ridhaa aliguna.

"Hili liondolewe," alisema kwa Kifaransa, kwani yeye na Faradji hawakuzungumza lugha nyingine. "Dole gumba ni ridhaa. Kwisha."

"Si kwisha, bwana mkurugenzi. Kifungu cha nane na cha tisa."

"Navijua vifungu. Unajua kuna karatasi ngapi za madole gumba upande wa Kabambare? Za pamba, za mpunga, za michikichi? Unataka hawa makarani warudi kwao wakawaambie wakulima wote kwamba walidanganywa?"

"Nataka wajue sheria."

"Unafundisha uasi kwa jina la sheria." Akafunika kalamu. "Acha karatasi zako mezani. Nitaangalia."

Faradji aliziacha. Alitoka pale akijipa moyo kwamba kisa kimepokelewa. Kulikuwa na desturi kwamba kila swali lijaribiwe kwanza na mwalimu ambaye hajauona mwongozo, ili aseme anaona nini ndani yake. Akasubiri Verhaert amwite kusikia jaribio hilo limesemaje. Hakuitwa.

Asubuhi ya mtihani bahasha ilifunguliwa, karatasi za stensili zikagawiwa zikinuka wino, na Faradji akachukua moja akaisoma amesimama karibu na dirisha. Kila kitu kilikuwepo: Wamaza, herufi za Kiarabu, Luama, mpunga. Isipokuwa mahali pale palipokuwa na mfanyabiashara na uongo wake. Badala yake palikuwa na maneno mawili tu: *anasomewa karatasi*. Kisha dole gumba.

Akasoma tena. Lo, ufundi ulioje! Hakukifuta kisa, hakumfukuza mwalimu, hakupiga kelele. Alitoa sentensi moja, na kwa kutoa sentensi hiyo alimgeuza Bulaimu kutoka mtu aliyeibiwa akawa mtu anayevunja ahadi. Mwizi wa kuku huacha manyoya. Huyu hakuacha kitu.

Sheria ya chumba cha mtihani ilisema bahasha ikishafunguliwa hakuna anayesema. Verhaert alikuwa amekaa mbele, miguu juu ya miguu, akimtazama. Faradji alifungua mdomo. Akaufunga. Wanafunzi walikuwa wameshainamisha vichwa, kalamu zinakwaruza, na yeye akabaki dirishani na karatasi inayotetemeka mkononi mpaka kengele ilipogongwa.

*

Majibu yalikuwa na namba, si majina, lakini mwalimu aliyesahihisha daftari za watu mwaka mzima anajua mwandiko kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. La kwanza alilolishika lilikuwa la Octave.

Octave alikuwa mkubwa kuliko wote, karani wa sekta kwa miaka mingi, Mkristo, mtu wa Wamaza mwenyewe. Alikuwa na akili kali na hasira fupi, na Faradji alimpenda kwa vyote viwili. Octave aliandika kwamba Bulaimu alidanganywa. Hakuandika "ikiwa". Aliandika kwamba mfanyabiashara alimsomea uongo, msimu mmoja badala ya mitatu, kama wanavyosoma siku zote. Akaeleza jinsi wanavyoshika karatasi juu ili mzee asihesabu mistari. Akamtaja hata mfanyabiashara fulani kwa jina lake. Kanuni aliijua yote: hila, uthibitisho, kuomba ufutwe. Jibu zuri mno, limejengwa juu ya sentensi ambayo haikuwepo.

Faradji akachukua la pili. Lilikuwa vilevile. La tatu vilevile. Karibu wote wa Kabambare walikuwa wameirudisha sentensi ile kwa kalamu zao wenyewe, pale pale ilipotolewa. Hawakuona kwamba haipo! Kwao karatasi iliyosomwa na mnunuzi ni karatasi iliyosomwa kwa uongo. Hilo halihitaji kuandikwa, kama vile hakuna anayeandika kwamba maji yana unyevu. Wale wachache wa mjini Kasongo, ambao hawakuwahi kuuza mpunga, ndio waliojibu kama Verhaert alivyotaka, nao walianguka kwenye jambo la mafuriko.

Alipiga meza kwa kiganja. Alimkasirikia Verhaert, akawakasirikia wanafunzi wake, "msiongeze ukweli, msiongeze ukweli," aliwaambia mara ngapi? Na kwa mwongozo aliouandika yeye mwenyewe, kwa wino wake, wote wale walikuwa wamepata sifuri katika zile alama nyingi za jambo kubwa kuliko yote.

Mmoja tu aliandika tofauti. Emile, kijana wa Kibangubangu kutoka Kabambare, mtaratibu, ambaye darasani alikuwa akiuliza maswali mpaka wenzake wanamzomea. Emile aliandika: *Kisa hakisemi nani alimsomea Bulaimu, wala kwa lugha gani. Ikiwa alisomewa sawasawa, amefungwa na mkataba. Ikiwa mnunuzi alimsomea kinyume, na Bulaimu akaweza kuthibitisha, anaweza kuomba ufutwe.* Hivyo ndivyo anavyofanya mwanasheria anapokutana na shimo: hajazi udongo wake, anaonyesha shimo lilipo. Lakini kwenye mwongozo uliorudi kutoka kwa Verhaert mstari wa ridhaa ulikuwa umefutwa. Emile naye alianguka.

*

Siku ya baraza la wasahihishaji alikuja jaji kutoka Kindu, Mbelgiji mzee mwenye pumu, aliyetumwa kuthibitisha matokeo. Walikaa watatu. Verhaert alisoma: hakuna mtahiniwa aliyefikia kiwango. Wa Kabambare wanazua mambo. Anapendekeza kiti kipewe Mzungu kwa muda.

"Naomba jambo moja," Faradji alisema. "Swali hili halikujaribiwa. Bwana jaji hajauona mwongozo. Akisome kisa, atuambie anaona nini."

"Hakuna haja," alisema Verhaert.

"Ni desturi ya kozi yako mwenyewe."

Jaji alikwisha kuvaa miwani. Alisoma polepole, akikohoa. Alipofika katikati, alisimamisha kidole.

"Anasomewa," alisema. "Anasomewa na nani?"

Akaigonga karatasi kwa kidole kile kile.

"Karatasi ni ya Kifaransa, mtu hajui Kifaransa, halafu 'anasomewa'. Na nani? Kwa lugha gani? Hilo ndilo swali la kwanza ambalo ningeuliza mahakamani." Akageuza karatasi kuona kama kuna maelezo nyuma. "Mwongozo unasemaje?"

"Hausemi kitu," alijibu Faradji. "Mimi niliandika. Ulifutwa. Na sentensi ya kisa iliyolijibu swali lako ilifutwa vilevile, bila kuniambia."

Verhaert hakukana. Watu wa namna yake hawakani; hugeuza. Aliegemea kiti na kusema kwa upole kabisa, "Basi swali lina kasoro. Nakubali. Mtihani wenye kasoro hufutwa. Kama mkurugenzi naomba ufutwe, na watu hawa warudie mwaka ujao."

Na kiti kikaliwe na Mzungu mwaka mzima! Faradji aliona jinsi mtego ulivyokuwa na milango miwili, na mmoja wao ni yeye aliyeufungua. Alisimama. Hakumbuki kusimama, lakini kiti kilianguka nyuma yake.

"Huwezi kuomba wewe! Aliyefanya hila hawezi kwenda mahakamani akasema, 'Nilimdanganya, basi nifutieni mkataba, haunipendezi tena.' Ufutaji ni wa aliyedanganywa. Ni wake peke yake. Hata mwanafunzi wangu wa mwisho anajua hilo, na wewe ndiye mkurugenzi!"

"Kaa chini," Verhaert alisema, amekuwa mwekundu. "Mtihani si mkataba."

"Mtihani si mkataba," jaji alikubali, akivua miwani. "Lakini hakuna anayevuna faida ya ubaya wake mwenyewe. Kanuni hiyo haihusu mikataba tu." Akamtazama Faradji, si kwa upendo, kwa uchovu. "Mstari wa ridhaa unarudi kwenye mwongozo, na majibu yasahihishwe upya. Aliyeliona jambo apewe alama ya kuliona. Aliyetaja kanuni apewe ya kanuni. Lakini aliyezua ukweli hapati alama za kuifunga kanuni na ukweli aliouzua. Hilo umeliandika mwenyewe, bwana mwalimu. Na mtahiniwa yeyote anayejiona ameonewa anaweza kuniandikia kuomba mtihani ufutwe. Mtahiniwa. Si mkurugenzi."

Walisahihisha upya hapo hapo, jaji akitazama. Emile alifaulu, tena vizuri kuliko wote, na kiti kikawa chake. Karatasi ya Octave aliisahihisha Faradji mwenyewe. Alimpa alama ya kuona. Alimpa ya kanuni. Alipofika kwenye zile alama nyingi, kalamu ikasita, kwa kuwa kila neno lililoandikwa pale alijua ni kweli. Akaweka sifuri. Octave alikosa kiwango kwa unywele, na wengine wa Kabambare pamoja naye.

*

Faradji alimkuta Octave uani, akifungua baiskeli yake. Matokeo yalikwisha kubandikwa, na wenzake walikuwa wamembeba Emile juu juu kuelekea sokoni.

"Mwalimu," alisema, "nimesikia hii karatasi haikukuwa na maneno ya uongo. Njo vile?"

"Ndivyo. Yalitolewa."

"Mimi sikuona. Ningeapa mimi nimeyasoma." Alicheka bila furaha. "Miye baba yangu aliwekaga kidole kwa karatasi ya namna ile. Nilikuwa pembeni yake. Weye unajua ile habari, nilikuambia."

"Najua."

"Na ukaniwekea sifuri."

"Kisa hakikusema, Octave."

"Kisa hakikusema!" Octave alisogea karibu mpaka pumzi zao zikakutana. "Muzungu alitoa maneno, sawa, ile ni kazi yake. Lakini weye ulikuwa kwa dirisha. Nilikuona unasoma, nilikuona mukono inatetemeka, nikasema mwalimu iko na homa. Kumbe ulikuwa unajua. Mutu mumoja tu mule ndani alijua sentensi iko wapi, na alinyamaza."

Bahasha ikishafunguliwa hakuna anayesema: ndilo jibu alilokuwa nalo Faradji, na lilimnukia vibaya mdomoni kabla halijatoka.

"Una haki," alisema mwishowe. "Na una haki nyingine. Mwandikie jaji. Mwombe mtihani ufutwe. Ni wewe unayeweza, si mimi wala Verhaert. Hawezi kukukatalia. Nitakuandikia Kifaransa chake mimi mwenyewe, leo hii."

"Ukifutwa, Emile iko wapi?"

Faradji alitazama upande wa soko, kelele za kumshangilia Emile zilikotoka.

"Sema, mwalimu. Weye njo uko na sheria. Nikiomba, Emile anapoteza kiti. Muzungu anakikalia tena. Njo ile Verhaert alitaka tangu mwanzo, ao hapana?"

"Ndiyo."

"Basi hii haki ulinipatia, ni haki gani?" Macho ya Octave yalikuwa yamejaa maji, na hakuyafuta. "Haki ya kumuchoma ndugu yangu ili nipate moto."

Alipanda baiskeli. Kutoka uani aligeuka mara moja.

"Sitaandika kitu. Muambie Emile anunue viatu vizuri. Na weye, mwaka kesho, bahasha ikifunguliwa na maneno hayamo, utasema?"

Hakungoja asikie. Njia ya Kabambare ni mbaya, na alitaka kuvuka kabla ya mvua. Faradji alibaki uani akitafuta neno "ndiyo", neno ambalo halikupaswa kutafutwa, na mtu wa kuambiwa alikwisha kuondoka.